Unga wa ubuyu: kuganda, kuchemsha na hesabu ya vitamini

Nilinunua kilo mbili za unga wa ubuyu Dodoma nikaja nao Tanga. Haujaisha mwezi, umeganda mabonge na umegeuka kahawia. Niutupe?

Uchunguze kwanza. Ubuyu hukauka wenyewe ndani ya buyu likiwa bado juu ya mti, na lile gamba gumu ndilo linaloukinga na hewa na unyevunyevu. Ukishautoa na kuutwanga, kinga hiyo imekwisha. Unga hunyonya maji yaliyomo hewani, na hewa ya Tanga haifanani na ya Dodoma. Mabonge yanatokana na unyevu huo. Rangi kutoka nyeupe ya maziwa na kuelekea kahawia ni dalili kwamba unga umezeeka na sehemu ya vitamini C imeshapotea.

Chukua bonge moja ulivunje kwa vidole. Likisagika likawa unga, likanukia uchachu wa ubuyu na ndani hakuna madoa, unga huo unalika, ila usiutegemee sana kwa vitamini. Bonge likiwa na unyevunyevu katikati, likitoa harufu ya uvundo au chachu ya pombe, au ukiona madoa ya kijani, meusi au utando mweupe wenye manyoya, tupa mfuko mzima. Tafadhali usichekeche ukungu ukabakiza unga. Ukungu unaouona ni sehemu tu ya ule uliopo, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika juani.

Safari ijayo, ukifika nyumbani gawa zile kilo mbili siku hiyohiyo. Tia unga wa matumizi ya wiki mbili hivi kwenye chupa ndogo yenye mfuniko unaobana, na uliobaki ufunge katika vifurushi vidogo visivyopitisha hewa. Viweke kabatini, mbali na jiko na mbali na mwanga wa dirisha, au kwenye friza kama unayo. Kifurushi kikitoka kwenye friza, kiache kifikie joto la chumbani kabla ya kukifungua, la sivyo matone ya maji yataingia kwenye unga. Na kijiko kiwe kikavu kila mara. Unga mwingi nimeuona ukiharibika kwa kijiko kilichotoka kukoroga chai.

Kama unaweza kubeba mzigo, nakushauri ununue mabuyu mazima. Buyu lisilo na ufa hukaa miezi mingi bila kuharibika. Litikise: likilia kwa ndani, limekauka vizuri. Lipasue, ondoa zile nyuzi nyekundu, twanga polepole kwenye kinu ili unga uachane na kokwa bila kokwa kuvunjika, kisha chekecha. Twanga unaouhitaji tu. Lililopasuka likiwa limelala chini liache, kwa sababu wadudu na unyevu hupitia kwenye huo ufa.

Mama mkwe huchemsha juisi ya ubuyu mpaka itokote, mimi naloweka tu. Nani yuko sahihi?

Mama ana hoja kuhusu usafi, wewe una hoja kuhusu vitamini, na mnaweza kupatana kwenye sufuria moja: chemsheni maji, si ubuyu. Vitamini C huharibika kwa moto wa muda mrefu. Kwa upande mwingine, unga wa sokoni umepita kwenye mikono na magunia mengi, kwa hiyo maji ya bomba yasiyochemshwa yanaongeza hatari juu ya hatari.

Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu ambao kidole kinauvumilia. Tia vijiko vikubwa sita vya unga ukikoroga kwa mwiko, ufunike kwa nusu saa, kisha uchuje. Kama una ubuyu wenye kokwa, loweka vikombe viwili na uzisugue kokwa ndani ya maji mpaka zibaki tupu. Juisi itakuwa nzito kidogo. Uzito huo unatokana na pektini, aina ya nyuzinyuzi inayoyeyuka kwenye maji, na haimaanishi kuwa imeharibika. Iweke kwenye friji, iishe ndani ya siku mbili. Ikianza kutoa mapovu, imwage.

Uchachu wake unatokana na asidi za asili, kama ile ya limau. Ndiyo maana watu humimina sukari bila kupima. Vijiko vikubwa viwili vya sukari kwenye glasi moja ni karibu gramu 25, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi mtu mzima asikizidi kwa siku nzima. Punguza uchachu kwa kuongeza maji, iliki au embe bivu lililosagwa. Ukitumia maziwa, tia ubuyu mwishoni na unywe papo hapo, kwa sababu asidi huyakatisha.

Ni kweli ubuyu una kalsiamu kuliko maziwa na vitamini C kuliko machungwa?

Kwa gramu mia dhidi ya gramu mia, ndiyo mara nyingi. Gramu 100 za unga zina takriban miligramu 300 za kalsiamu, wakati maziwa yana kama 120. Lakini nani anakula gramu 100 za unga mkavu? Kijiko kikubwa kina kama gramu 10, yaani miligramu 30 tu za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Glasi ya maziwa au sahani ya dagaa itakufikisha mbali zaidi.

Kwenye vitamini C hesabu inapendeza. Kiasi hutofautiana sana kati ya mbuyu na mbuyu, ila tukichukua miligramu 200 kwa gramu 100, kijiko kimoja kinatoa 20, karibu nusu ya 45 ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kwa mtu mzima. Faida yake kubwa naiona kwenye uji na maharage: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na mikunde. Ipua uji, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge ubuyu. Nyuzinyuzi nazo ni karibu nusu ya uzito wa unga, kwa hiyo anza na kijiko kimoja na unywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Ubuyu mwekundu wa dukani nao una faida hizo?

Uhesabu kama peremende. Umepikwa kwenye shira ya sukari, ukatiwa rangi, na unga uliobaki juu ya kokwa ni kidogo. Mtoto mdogo asipewe kabisa, kwa sababu kokwa zinaweza kumkaba. Kwa wakubwa, ukila, sukutua mdomo kwa maji. Sukari na asidi pamoja hula meno.

Baba ana ugonjwa wa figo na ameambiwa apunguze potasiamu. Anaweza kunywa ubuyu?

Asinywe mpaka daktari wake au mtaalamu wa lishe wa kliniki yake akubali. Ubuyu una potasiamu nyingi, zaidi ya miligramu 1,000 kwa gramu 100, na figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Ikilundikana kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Aeleze kliniki kiasi anachokunywa kwa siku na mara ngapi kwa wiki, ili wakipime pamoja na majibu yake ya damu. Na kama ameshaambiwa ubuyu unatibu presha, asiache vidonge vyake kwa sababu hiyo.