Milioni tano za kava hazilipii siza

Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu wanaotafuta bima ya afya na wote wameanza na swali lile lile: "Ajenti, wewe kava yako inafika milioni ngapi?" Hakuna anayeuliza ina nini ndani. Mmoja kanitumia Wasap picha ya broshua, ile namba ya 5,000,000 kaizungushia kalamu nyekundu, akaniambia hii ndiyo bora kwa sababu ile niliyompa mimi ni ya milioni moja tu. Nikaona basi niandike, maana nimechoka kueleza jambo moja kwa simu kila siku.

Ile namba kubwa ya mbele ni limiti ya kulazwa kwa mwaka, na mara nyingi ni ya familia nzima, si ya kila kichwa. Ndani yake mna vijilimiti vidogo, na hivyo ndivyo vitakavyokulipia au vitakavyokuacha kwenye kaunta ya hospitali. Kujifungua kuna limiti yake, maradhi ya kudumu kama presha na sukari yana yake, meno na macho yana zake, na kitanda chenyewe kina kiwango chake kwa siku. Ukiwa na milioni tano mbele na elfu themanini kwenye kujifungua, basi siku ya kujifungua wewe una elfu themanini. Zile nyingine zipo kwenye karatasi, lakini huruhusiwi kuzigusa.

Nichukue hesabu ya hawa wawili niliowahudumia hapa Mombasa, mume na mke, wote miaka ya thelathini, wanataka mtoto. Nazizungusha namba kidogo ili mfuate kwa urahisi. Kava ya kwanza: milioni tano, premiamu 118,000 kwa mwaka, kujifungua 80,000, kungoja miezi 12 kabla kujifungua hakujaanza kulipiwa. Kava ya pili: milioni moja, premiamu 96,000, kujifungua 150,000, kungoja miezi 10. Sasa piga picha mama anajifungua kwa siza, yaani upasuaji, hospitali ya binafsi na bili inakuja 190,000. Kwa kava ya kwanza anatoa mfukoni 110,000, ukijumlisha na premiamu imekuwa 228,000. Kwa ya pili anatoa 40,000, jumla 136,000. Tofauti ni 92,000, na aliyelipa zaidi ndiye aliyekuwa na milioni tano.

Sisemi limiti kubwa haina kazi. Ajali mbaya ya barabarani, mtu akae ICU wiki tatu, milioni moja inaisha unaiangalia. Kama uwezo upo chukua kubwa. Lakini uliza vijilimiti kwanza, na saratani uiulize peke yake, kwa sababu kampuni nyingi wameitenga na limiti yake.

Haya, kungoja. Hapa ndipo watu hunikasirisha na ndipo ninapowaonea huruma pia. Ajali kawaida inalipwa tangu siku ya kwanza, maradhi ya kawaida siku 30 hivi, upasuaji usio wa dharura huwa zaidi ya hapo, maradhi uliyokuwa nayo mara nyingi mwaka mzima. Kujifungua ndiko wanakokosea hesabu. Mtu ananiambia mimba ni miezi tisa, kungoja ni kumi, kwa hivyo nikikata kava leo na mke akashika mimba leo tunakosea mwezi mmoja tu, watatuelewa. Hawatakuelewa ndugu yangu. Mfumo unasoma tarehe.

Wale wawili kava yao ilianza tarehe 3 Machi, miezi kumi inaisha tarehe 3 Januari. Daktari anahesabu wiki 40 kuanzia hedhi ya mwisho. Hedhi ikiwa tarehe 1 Machi, makadirio ni tarehe 6 Desemba, bado umo ndani ya kungoja. Nikawaambia wasubiri hedhi ya mwanzo wa Mei, makadirio yataangukia tarehe 5 Februari, mwezi mzima wa nafasi, kwa sababu mtoto haangalii kalenda, anaweza kuja wiki tatu mapema. Mke alisikia. Mume akasema hayo ni mambo ya Mungu, hatupangi. Mtoto alizaliwa tarehe 19 Desemba, mzima, alhamdulillahi, lakini kampuni ilirudisha barua ya idhini imekataliwa na bili yote wakalipa wao, nusu yake ya kukopa. Nilikaa nao pale kwenye dawati la bima tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na hakuna nilichoweza kufanya.

Na kitu kingine, ukichelewa kulipa upya kava ikakatika, kungoja kunaweza kuanza moja. Nimeona mtu wa mwaka wa tatu akarudishwa siku ya kwanza kwa kuchelewa wiki chache tu. Ukihama kampuni omba barua ya historia ya kava yako kabla haijaisha, ukaipeleke kule unakokwenda waangalie kama watakusamehe kungoja. Wengine wanakubali, wengine hawakubali, lakini bila barua hawasikilizi kabisa.

Kuna mahali mimi mwenyewe nakwama na sitawaficha. Mikataba mingi inasema kungoja ni kwa maradhi uliyokuwa nayo kabla, ulijua au hukujua. Sasa mtu anakwenda na maumivu ya kichwa mwezi wa nne wa kava, presha inapatikana iko juu, daktari anamuuliza yalianza lini, anajibu kama miaka miwili hivi. Daktari anaandika "miaka 2" kwenye faili. Klemu inakataliwa kwa maneno hayo mawili. Je, alikuwa na presha miaka miwili au alikuwa halali vizuri? Sijui, na yule anayekaa ofisini kusoma faili hajui pia. Ninachowaambia wateja ni kujaza fomu kwa ukweli wote, na kwa daktari wajibu wanachokijua kwa hakika, wasikisie miaka.

Hospitali nitasema kwa ufupi. Orodha ya paneli, yaani hospitali zinazopokea kava, inazeeka haraka kwenye broshua. Kampuni ikichelewa kulipa, hospitali inasimamisha kadi zake, na wewe utajua ukiwa umeshafika na mgonjwa. Usipigie kampuni, pigia dawati la bima la hospitali yenyewe iliyo karibu na kwako, taja jina kamili la kava, waulize mambo mawili: mnaipokea leo, na mnaipokea kwa kulazwa pia au kwa matibabu ya nje tu? Kuna hospitali zinachukua kadi kwa matibabu ya nje na kwa kulazwa zinataka depositi.

La mwisho ni SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHIF, mfuko wa SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, na cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Watu wanaiacha wakiwa na kava binafsi. Kava nyingi za binafsi zinahesabu kwamba SHA imetoa sehemu yake kwanza, halafu wao wanamalizia. Kama hujalipa, ile sehemu haiendi kwa kampuni, inakuja kwako. Kabla hujanipigia kuniuliza milioni ngapi, fungua ukurasa wa jedwali la faida, tafuta mstari wa kujifungua na mstari wa maradhi ya kudumu, unipigie ukiwa umeshika hizo namba mbili mkononi.