Variansi ya jumla: sehemu iliyo ndani ya makundi na iliyo kati yao

Tuseme mashine mbili zinakata vipande vya bomba, na vyote vinaangukia kwenye sanduku moja. Mashine A hutoa asilimia 70 ya vipande. Urefu wake ni wastani wa milimita 100, variansi 4. Mashine B hutoa asilimia 30. Wastani wake ni milimita 110, variansi 9. Ukichota kipande kimoja sandukuni bila kujua kimetoka mashine ipi, variansi ya urefu wake ni ngapi?

Wengi hukimbilia kupiga wastani wa variansi zenyewe kwa uzito wa kila mashine: 0.7 × 4 + 0.3 × 9 = 5.5. Hesabu hiyo haina kosa, ila imeishia njiani. Inaeleza vipande vinavyotawanyika kuuzunguka wastani wa mashine yao, na haisemi lolote kuhusu wastani hizo mbili kuwa mbalimbali. Kanuni kamili ni hii, ambapo X ni urefu na M ni mashine:

```
Var(X) = E[Var(X|M)] + Var(E[X|M])
```

Sehemu ya kwanza ndiyo ile 5.5: wastani wa variansi ukishaijua mashine. Ya pili ni variansi ya wastani zenyewe. Ili kuipata, chukua 100 na 110 kana kwamba ndizo data zako, kila moja na uzito wake. Wastani wa jumla ni 0.7 × 100 + 0.3 × 110 = 103. Namba 100 iko mbali nao kwa 3, na 110 kwa 7. Basi variansi yake ni 0.7 × 9 + 0.3 × 49 = 21. Jumla ni 26.5, karibu mara tano ya jibu la haraka.

Kwa nini sehemu hizi zinajumlishika bila kubakiza kitu? Tazama kipande cha mashine B chenye milimita 112. Kimeuzidi wastani wa jumla kwa 9, na hiyo 9 ina vipengele viwili: 2 juu ya wastani wa mashine yake, na 7 ambazo mashine yenyewe imeuzidi wastani wa jumla. Ukipandisha kipeo cha pili, 81 = 4 + 49 + 28. Hiyo 28 ni 2 × 2 × 7, na ndiyo inayotia wasiwasi. Sasa tazama kipande kingine cha B chenye milimita 108: tofauti yake ni 5, yaani −2 + 7, na 25 = 4 + 49 − 28. Zile 28 zimefutana. Hazikufutana kwa bahati: ndani ya mashine moja ile 7 haibadiliki, na tofauti za vipande kutoka wastani wa mashine yao, kwa wastani, ni sifuri daima. Huo ndio moyo wa kanuni hii. Haihitaji umbo lolote maalumu la mgawanyo; inatosha variansi iwe na kikomo.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa hata watu wazoefu. Kuchanganya vipande sandukuni si sawa na kuchanganya urefu wenyewe. Ukichukua kipande kimoja cha A na kimoja cha B, visivyotegemeana, kisha ukakokotoa 0.7 ya urefu wa kwanza na kuongeza 0.3 ya wa pili, uzito hupandishwa kipeo cha pili na variansi inakuwa 0.49 × 4 + 0.09 × 9 = 2.77. Sandukuni kila kipande kinatoka mashine moja tu, na ndiyo maana pengo la milimita 10 kati ya wastani hizo linabaki na uzito wake wote.

Ukijaribu kanuni hii kwenye data uliyopima, gawanya kwa n ndani ya kila kundi na kwa jumla pia. Programu nyingi za takwimu hugawanya kwa n − 1, na hapo pande mbili za mlinganyo zitapishana kidogo hata kama hujakosea popote.

Manufaa yake yanaonekana unapoamua cha kurekebisha. Ukiinoa mashine B hadi variansi yake ishuke kutoka 9 hadi 4, sehemu ya ndani inakuwa 4, na variansi ya sanduku inashuka kutoka 26.5 hadi 25 tu. Ukiiacha ikate vilevile ilivyo, lakini ukasogeza kipimo chake ili wastani uwe 100, ile 21 inatoweka yote na inabaki 5.5.