Wimbo wa kulimbikiza si orodha ya vitu

Nimeambiwa tena, na mtu mwenye nia njema, kwamba wimbo wa kulimbikiza ni wimbo rahisi kuliko zote kutunga: ukishapata ubeti wa kwanza, kazi imekwisha, kwa sababu kila ubeti unaofuata unaongeza kitu kimoja tu. Maneno haya huja kwangu pamoja na miswada ya nyimbo za watoto wa chekechea, na kila mara mswada wenyewe unayakanusha. Ubeti wa kwanza unaimbika, wa pili unaimbika, wa nne unayumba, na wa sita hakuna mtoto anayeumaliza. Mtunzi huwalaumu watoto kwamba hawana kumbukumbu, ilhali watoto hao hao wanasimulia hadithi ndefu bila kuruka neno.

Nitaeleza kwa wimbo mmoja, nikiutunga hapa mbele ya msomaji. Jahazi linatoka Pemba na shehena yake. Kiongozi anauliza, na waitikiaji wanajibu kwa kutaja shehena, kuanzia kitu kipya na kurudi nyuma hadi kile cha kwanza. Swali la kiongozi ni hili:

Jahazi latoka Pemba, ndani limebeba nini?

Anayejua ushairi atatambua mara moja kwamba huo ni mshororo wa mizani 16, vipande viwili vya nane nane. Sikuchagua nane kwa kuheshimu mapokeo tu. Kila kitu kitakachoingia jahazini lazima kijae kipande kimoja cha nane, bila kuzidi wala kupungua, kwa sababu kipande hicho cha muziki ndicho kitakachorudiwa mara saba katika ubeti wa saba. Beti za kawaida zinaweza kuvumilia mzani mmoja wa ziada, kwani mwimbaji huubana akapita. Katika wimbo wa kulimbikiza, kosa lililo katika kitu cha pili litarudi katika kila ubeti hadi mwisho, na kila linaporudi wapigaji makofi wanaachana na waimbaji.

Jibu la ubeti wa kwanza ni “Ni karafuu za Wete”. Hesabu: ni-ka-ra-fu-u-za-We-te, nane kamili. Ile “ni” mwanzoni ina kazi maalumu. Ubeti wa pili ukifika, kitu kipya kinachukua “ni”, na karafuu zinasogea nyuma na kuchukua “na”. Mzani unabaki mmoja, pigo halibadiliki, na sikio linajua kwamba kinachoanza na “ni” ni kigeni na vinavyoanza na “na” ni wenyeji. Watunzi wengi husahau jambo hili. Wanaandika “karafuu za Wete” peke yake katika ubeti wa kwanza, kisha katika wa pili wanalazimika kuongeza “na”, na hapo kipande cha mizani saba kinakuwa cha nane bila mtu kujua kwa nini wimbo umekwaruza.

Kiswahili kinatusaidia katika jambo moja ambalo lugha nyingine zinalihangaikia. Mkazo wetu, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo vipande vyote vikiwa na mizani nane, na kila kimoja kikiishia na neno la silabi mbili au zaidi, mkazo wa mwisho utaangukia mzani wa saba kila mara: We-te, da-ga-a, ke-nge-le. Mikazo ya katikati ya kipande iachwe itembee inavyotaka. Pigo zito la muziki liwekwe kwenye mzani wa saba, na wimbo utasimama.

Sasa niseme juu ya idadi, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Karibu kila mwalimu ananiomba kwamba, kwa kuwa vitu vinaongezeka, basi na hesabu iongezeke: kitu kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, ili mtoto ajifunze kuhesabu. Ombi hilo linatokana na nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa, na tafsiri hizo hazisimami, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni upatanisho wa ngeli. Tunasema pipa moja, lakini kikapu kimoja na mbuzi mmoja. Nazi tatu, lakini vikapu vitatu na mayai matatu. Mzani mmoja unaingia au unatoka kulingana na ngeli ya nomino. Tena moja hadi tano, pamoja na nane, huchukua viambishi, ilhali sita, saba, tisa na kumi hukataa. Mtunzi hulazimika kupima kila nomino upya pamoja na namba yake, na huishia kuchagua vitu kwa ajili ya mizani badala ya kuvichagua kwa ajili ya wimbo. Hata hivyo, ugumu huo unaweza kushindwa kwa subira.

Sababu ya pili ndiyo nzito, na sijawahi kuiona ikitajwa katika miongozo ya walimu. Katika Kiingereza namba hutangulia nomino. Mwimbaji anaporudi nyuma katika orodha, anashuka ngazi ya namba, saba, sita, tano, na kila namba inamvutia kitu chake mdomoni. Namba ndiyo inayokumbuka. Katika Kiswahili nomino hutangulia na namba hufuata. Mtoto anatakiwa akumbuke kwanza kwamba baada ya mapipa vinakuja vikapu, na akishakumbuka vikapu ndipo anapotaja kwamba ni vitatu. Namba inafika ikiwa imechelewa, na haimsaidii chochote. Kwa hiyo ninaposema toa namba, simzuii mtoto kujifunza hesabu. Ninasema kwamba ile kamba ambayo Mwingereza anaishika njiani haipo katika lugha yetu, na tunapaswa kumpa mtoto kamba nyingine.

Kamba hiyo imekuwapo Zanzibar siku nyingi. Katika hadithi ya Mwalimu Goso, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, wanafunzi wanamtafuta aliyeangusha buyu lililomuua mwalimu wao. Kusi huzuiwa na kiambaza, kiambaza hutobolewa na panya, panya huliwa na paka, paka hufungwa kwa kamba, kamba hukatwa na kisu, kisu huungua kwa moto, moto huzimwa na maji, na safari inaendelea. Msimuliaji hahitaji namba, kwa sababu kila kiungo kinalazimisha kinachofuata. Panya akitajwa, paka yuko mlangoni.

Shehena ya jahazi haina ulazima wa namna hiyo. Hakuna sababu ya mikeka kutangulia mapipa. Pasipo sababu, kinachobaki kukumbusha ni sauti, na kwa hiyo mpangilio wa sauti ndio utunzi wenyewe. Orodha yangu ya awali, kwa mfuatano wa kuingia jahazini, ilikuwa karafuu za Wete, mbata za Micheweni, vikapu vya dagaa, mbuzi wenye kengele, mikeka ya ukili, magunia ya chumvi, na jogoo wa nahodha. Kila kimoja kina mizani saba, na “ni” au “na” inatimiza ya nane. Kwa hesabu haina dosari. Lakini iimbe kwa kurudi nyuma, usikilize katikati: magunia, mikeka, mbuzi. Vitatu vinavyofuatana vinaanza kwa sauti ya m, na viwili kati yake vinaungwa kwa “ya”. Watoto wataimba “magunia ya ukili”, mizani itazidi, na ubeti utavunjika hapo hapo kila mara. Dalili ya kosa hili ni kwamba waimbaji wote hunyamaza mahali pamoja. Wakinyamaza mahali tofauti tofauti, tatizo ni mazoezi. Wakinyamaza pamoja, tatizo ni la mtunzi.

Niliyaondoa magunia, nikaweka “pipa kubwa la chumvi”, nikawahamisha mbuzi na mbata. Ubeti wa saba sasa unajibiwa hivi:

Ni jogoo wa nahodha,
na mbata za Micheweni,
na pipa kubwa la chumvi,
na mikeka ya ukili,
na vikapu vya dagaa,
na mbuzi wenye kengele,
na karafuu za Wete.

Hakuna majirani wawili wanaoanza kwa sauti moja, na kila mmoja ana umbo lake mdomoni. Angalia pia kilichokaa chini kabisa. Katika wimbo wa vitu saba, cha kwanza huimbwa mara saba na cha mwisho mara moja. Kwa jumla ni vitamkwa 28. Watunzi huhifadhi kitu kitamu kwa ajili ya ubeti wa mwisho, wakaanza na chochote kilichokuwa karibu, kisha chochote hicho kikawa ndicho kinachofunga kila ubeti. Karafuu zimekaa pale kwa sababu ni neno lenye irabu nyingi, kwa sababu Pemba ni Pemba kwa karafuu, na kwa sababu “Wete” linafunga kwa ufupi na uthabiti.

Imebaki pumzi. Tukiimba kwa mapigo 100 kwa dakika, na kila kipande kikichukua mapigo manne, ubeti wa saba unahitaji sekunde 16.8 za kujibu mfululizo. Mtoto wa miaka mitano hawezi, na asilazimishwe. Wimbo wa Kiingereza wa siku kumi na mbili za Krismasi ulipata dawa yake katika mpangilio wa Frederic Austin wa mwaka 1909, ambao ulipunguza mwendo kwenye zawadi ya tano na kuvuta sauti, kisha orodha ikaendelea. Ndiyo maana nimeviacha vikapu vya dagaa mahali pa tatu kutoka chini. Neno “dagaa” linaishia kwa irabu mbili zinazokubali kuvutwa. Waimbaji wanafika hapo baada ya vipande vinne, sekunde 9.6, wanaivuta “gaa” kwa mapigo manne ya ziada, wanavuta pumzi, kisha wanateremka kwa mbuzi na karafuu. Mahali hapo panakuwa pia alama ya njia: hata aliyepotea kwenye pipa anajiunga tena kwenye dagaa.

Jinsi ya kuumaliza wimbo sijaridhika nayo. Kwa muda mrefu nilipenda jahazi lifike Unguja na kushusha shehena, kitu kimoja kila ubeti, hadi libaki tupu. Kwa maana ni mwisho mzuri, lakini unaongeza vitamkwa 21 juu ya vile 28, na kushusha hakuna msisimko wa kupakia, kwa sababu hakuna kipya kinachosubiriwa. Wenzangu wengine humaliza kwa kuharakisha ubeti wa saba hadi usiimbike, na watoto hufurahi, ila maneno yote niliyoyapima yanapotea. Kwa sasa ninauimba ubeti wa saba kwa mwendo ule ule, waitikiaji wanarudia karafuu mara ya pili bila makofi, na kiongozi haulizi tena.