Meseji ya aliyetuma na meseji ya aliyepokea si kitu kimoja

Ninaweka hazina ya kikundi kidogo, na michango yote huingia kwenye laini yangu ya simu. Ugomvi mwingi niliowahi kuusuluhisha haukutokana na wizi. Ulitokana na watu wawili kusoma meseji mbili tofauti huku kila mmoja akiamini kuwa mwenzake anaona kile anachokiona yeye.

Dhana: Wote wawili hupata meseji ile ile.

Ukweli ni kwamba muamala ni mmoja, lakini taarifa ni mbili, na kila moja imeandikwa kwa ajili ya mtu wake. Kwa kawaida aliyetuma huona kitu kama hiki:

```
RK47T2M9XB Imethibitishwa. Umetuma 5,000 kwa
[jina na namba ya mpokeaji] 14/3 saa 19:42.
Makato 60. Salio lako jipya 8,210.
```

Na aliyepokea huona hiki:

```
RK47T2M9XB Imethibitishwa. Umepokea 5,000 kutoka kwa
[jina na namba ya mtumaji] 14/3 saa 19:42.
Salio lako jipya 17,300.
```

Angalia kinachofanana: namba ya muamala, kiasi na saa. Jina ni la upande wa pili, salio ni la mwenye simu, na makato ya kutuma yanaonekana kwa aliyetuma peke yake. Ndiyo maana mtu husema "nimetoa 5,060" na mwingine akajibu "nimepata 5,000", na wote wakawa wanasema kweli.

Dhana: Jina linaloonekana ni la mtu aliyeshika simu.

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo nipe muda kidogo. Jina la kwenye meseji hutoka kwenye usajili wa laini au akaunti. Mfumo haujui nani amebonyeza namba ya siri. Mama akitumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe, mpokeaji ataona jina la mwana kila siku, hata kama mwana yuko mbali na hajui lolote.

Kuna na jina la pili linaloingia katikati, nalo ni lile ulilohifadhi mwenyewe kwenye orodha ya namba zako. Baadhi ya programu za simu husoma orodha hiyo, hivyo ukichagua namba uliyoihifadhi "Fundi Bomba", skrini inakuonyesha "Fundi Bomba". Hilo ni neno lako tu. Huduma nyingi huonyesha jina la usajili kabla ya kuweka namba ya siri, na hilo ndilo la kusoma. Kama fundi amebadilisha namba na ile ya zamani imepewa mtu mwingine, orodha yako itaendelea kusema "Fundi Bomba" bila wasiwasi wowote.

Upande wa benki nako watu huamini kwamba ukiandika jina lisilolingana na akaunti, pesa zitakataa kwenda. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo: namba ya akaunti ndiyo iliyoamua, na jina lilisindikiza tu. Katika nchi za ukanda wa yuro, ni tangu tarehe 9 Oktoba 2025 ndipo benki zililazimika kulinganisha jina na namba ya akaunti na kumwonya mlipaji kabla hajaidhinisha. Na hata hapo ni onyo. Mlipaji akiamua kuendelea, pesa zinakwenda.

Dhana: Nikiandika maelezo, mpokeaji atayasoma.

Inategemea umeyaandika wapi. Ukilipa bili, sehemu ya namba ya kumbukumbu inasomwa na mfumo wa kampuni, nao huitumia kujua ni akaunti ya mteja yupi ijazwe. Ukikosea tarakimu moja, pesa zimefika kwenye kampuni lakini hazijafika kwenye akaunti yako, na kama namba uliyokosea ni ya mteja halisi, huenda umemlipia yeye. Ukimtumia mtu binafsi kwa menyu ya kawaida ya simu, mara nyingi hakuna hata mahali pa kuandika. Kwenye programu za benki huwa kuna sehemu mbili zinazofanana sana: moja ni maelezo kwa mpokeaji, nyingine ni kumbukumbu yako mwenyewe isiyotoka nje ya akaunti yako. Nimeona mtu akiandika "mchango wa Machi" kwenye ile ya pili miezi mitatu mfululizo.

Urefu nao una mipaka. Uhamisho wa yuro hubeba hadi herufi 140, ule wa haraka wa Uingereza herufi 18 tu kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo tanguliza kinachokutambulisha. "Machi" likikatika hakuna hasara, jina lako likikatika mweka hazina atakesha.

Kisa kimoja kitaonyesha yote haya. Jioni moja niliingiziwa 5,000 mara tatu. Ya kwanza ilikuja na jina la mwanachama, nikaandika. Ya pili ilikuja na jina la mwanamume nisiyemfahamu. Ya tatu ilikuja na jina la benki, bila jina la mtu. Wanachama wawili wakanipigia wakidai wamelipa. Sikuwauliza "umetuma kwa jina gani?", kwa sababu aliyetuma haoni jina lake mwenyewe kwenye meseji yake. Nilimwomba wa kwanza aninukulie namba ya muamala, ikafanana herufi kwa herufi na ile ya mwanamume: alikuwa ametumia laini ya mumewe. Namba hiyo ni afadhali kuinakili na kuituma kuliko kuisoma kwa mdomo, maana O na sifuri hufanana.

Wa pili alininukulia namba ambayo sikuwa nayo kabisa. Ningekuwa na haraka ningesema hajalipa. Lakini pesa zikitoka benki kwenda kwenye simu, benki hutoa namba yake na huduma ya simu hutoa yake, kwa hiyo namba mbili tofauti zinaweza kuwa za muamala mmoja. Tulilinganisha kiasi, dakika na namba iliyopokea, kisha akaomba benki yake impe namba ya upande wa simu. Ikawa ndiyo ile ya tatu.

Dhana: Meseji ikifika, pesa zimefika.

Meseji ni taarifa, nayo husafiri kwa njia yake. Inaweza kuchelewa wakati pesa zimeshaingia, na inaweza kuja bila pesa yoyote. Jina la mtumaji wa meseji linaweza kughushiwa, na kwa kuwa simu hupanga meseji kwa jina hilo, ya uongo inaweza kukaa chini ya zile za kweli kwenye mazungumzo yale yale. Mimi huangalia salio kwanza. Kabla ya mchango nilikuwa na 12,300, kwa hiyo 5,000 lazima ilete 17,300. Mwenye kughushi hajui salio langu, hivyo hubuni tarakimu au huiacha. Kama sikumbuki nilikuwa na kiasi gani, nafungua menyu na kuuliza salio, au nasoma orodha ya miamala ndani ya programu.

Picha ya skrini ya aliyetuma naipokea kwa kazi moja tu: inanipa namba ya muamala ya kutafuta upande wangu. Nikiikosa huko, na hakuna benki katikati, siandiki kitu daftarini mpaka ionekane.