Machi iliyopotea: SUMIFS na hesabu za matumizi ya nyumbani na biashara

Mwenye kibanda cha chipsi anayelipia luku mbili kwa simu moja, ya nyumbani na ya kibandani, ana swali ambalo daftari humjibu kwa taabu. Jumla ya pesa iliyotoka anaijua. Lakini ukimuuliza umeme wa kibandani peke yake ulikula kiasi gani mwezi Machi, itabidi apekue kurasa na kalamu mkononi. Swali lenyewe lina masharti matatu: kundi ni umeme, upande ni biashara, mwezi ni Machi. SUMIFS, iliyoingia Excel toleo la 2007 na iliyomo pia kwenye Google Sheets, ni fomula ya maswali ya namna hiyo.

Katika madarasa yetu ya hesabu kwa wafanyabiashara wadogo, fomula yenyewe hueleweka ndani ya kipindi kimoja. Kinachotumaliza ni tarehe. Kwa hiyo nitapita kwenye fomula, kisha nitakaa zaidi kwenye tarehe.

Tuchukue kibanda hichohicho. Kwenye karatasi iliyopewa jina Matumizi, kila pesa inayotoka inaandikwa mstari mmoja, kuanzia mstari wa 2. Tarehe ipo safu A, maelezo B, kundi C, upande D na kiasi E:

| Tarehe | Maelezo | Kundi | Upande | Kiasi |
|---|---|---|---|---|
| 03/03/2025 | Viazi | Malighafi | Biashara | 80000 |
| 05/03/2025 | Luku ya nyumbani | Umeme | Nyumbani | 20000 |
| 12/03/2025 | Luku ya kibandani | Umeme | Biashara | 15000 |
| 18/03/2025 | Mafuta ya kupikia | Malighafi | Biashara | 110000 |
| 31/03/2025 | Viazi | Malighafi | Biashara | 40000 |
| 04/04/2025 | Viazi | Malighafi | Biashara | 78000 |

Karatasi ya pili ndiyo ya muhtasari. Kisanduku B1 kinaandikwa upande tunaoutaka, Biashara au Nyumbani. Majina ya makundi yanashuka safu A kuanzia A4. Miezi inakwenda kulia kwenye mstari wa 3 kuanzia B3, na hapa ndipo wengi huandika neno "Januari", "Februari", wakaharibu kazi kabla haijaanza. Neno Machi halijui ni Machi ya mwaka gani, na fomula yetu inahitaji tarehe kamili. Andika B3 tarehe mosi ya mwaka, na C3 uiambie isogee mwezi mmoja, kisha uivute mpaka M3:

```
B3:  =DATE(2025,1,1)
C3:  =EDATE(B3,1)
```

Ukitaka yaonekane majina ya miezi, badilisha mwonekano wa visanduku hivyo uwe `mmm yyyy`. Ndani bado ni tarehe mosi. Sasa B4 inapokea fomula yenyewe:

```
=SUMIFS(Matumizi!$E$2:$E$1000,
 Matumizi!$C$2:$C$1000,$A4,
 Matumizi!$D$2:$D$1000,$B$1,
 Matumizi!$A$2:$A$1000,">="&B$3,
 Matumizi!$A$2:$A$1000,"<"&EDATE(B$3,1))
```

Inasomeka hivi: jumlisha safu ya kiasi, pale tu ambapo kundi ni lile lililoandikwa A4, na upande ni ule wa B1, na tarehe ni kuanzia mosi ya mwezi, na haijafika mosi ya mwezi unaofuata. Mstari unaoshindwa sharti hata moja hauhesabiwi. Aliyezoea SUMIF ya sharti moja aangalie mpangilio: kule safu ya kujumlishwa hukaa mwisho, huku hukaa mwanzo. Alama za dola zinashikilia kile kisichotakiwa kusogea, ili fomula moja ivutwe kulia na chini ijaze jedwali zima. Wenzetu wa Kongo na Burundi wenye Excel ya Kifaransa wataikuta kwa jina SOMME.SI.ENS, EDATE ikiwa MOIS.DECALER, na nukta mkato mahali pa mkato.

Kwa data yetu, Malighafi ya Machi inatoka 230,000, na viazi vya tarehe 4 Aprili vinahamia safu ya Aprili kwa 78,000. Umeme wa Machi ni 15,000 kwa Biashara. Badilisha B1 iwe Nyumbani, unapata 20,000. Ukitaka pande zote mbili kwa pamoja, usiache B1 tupu, maana fomula husoma kisanduku tupu kama sifuri na jedwali lote litajaa sifuri. Andika nyota, `*`, ambayo maana yake ni neno lolote. Umeme utatoka 35,000.

Mambo mawili kuhusu sharti la tarehe. La kwanza ni ile alama ya `&`. Ukiandika `">=B3"` yote ndani ya alama za nukuu, fomula haitakigusa kisanduku B3, itatafuta maandishi "B3", na jibu litakuwa sifuri bila onyo lolote. Alama ya kulinganisha inakaa ndani ya nukuu, kisanduku kinakaa nje, `&` inaviunganisha.

La pili ni kwa nini tunasema "kabla ya mosi Aprili" wakati kila mtu angesema "mpaka 31 Machi". Ndani ya kompyuta tarehe ni namba ya kawaida: 31 Machi 2025 ni 45747, na saa ni sehemu ya siku inayofuata nukta. Luku iliyonunuliwa siku hiyo saa 12 jioni ni 45747.75. Ukiwa umeinakili kutoka kwenye taarifa ya miamala ya simu, ambayo huja na saa, sharti la `<=` 31 Machi litaikataa, kwa kuwa 45747.75 imeizidi 45747. Muamala huo hautaingia Machi wala Aprili.

Sasa tuje kwenye Machi iliyopotea. Mwanafunzi wetu mmoja alileta faili lenye mistari mfano wa ile ya juu. Fomula yake ilikuwa sahihi herufi kwa herufi. Malighafi ya Machi ilionyesha 80,000 na umeme wa Machi ulionyesha sifuri, kama vile mwezi ule kibanda kiliwaka taa za bure. Kompyuta aliyonunua ilikuwa imewekwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Alipoandika 05/03/2025 ikasoma 3 Mei. Alipoandika 12/03/2025 ikasoma 3 Desemba. Alipoandika 18/03/2025 haikupata mwezi wa 18, ikayaacha kama maandishi tu, na maandishi hayawezi kuwa makubwa wala madogo kuliko tarehe, kwa hiyo SUMIFS ikayaruka. Tarehe 31 yakaipata hayohayo. Iliyosalimika ni 03/03, kwa sababu ukiigeuza inabaki ileile.

Angalia kwamba hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa chanzo lakini hayagunduliwi kwa njia moja. Kipimo ninachowapa watu wote ni kuweka nyota B1, kujumlisha jedwali lote la muhtasari, na kulinganisha na jumla ya safu ya Kiasi. Safu ya Kiasi hapa ni 343,000. Jedwali la yule mwanafunzi lilitoa 193,000. Pengo la 150,000 ni mafuta na viazi vya tarehe 31, yaani zile tarehe zilizogeuka maandishi. Kipimo hiki pia hukamata kundi lililoandikwa vibaya, kama "Umeme" lenye nafasi tupu mwishoni, ambalo kwa macho halionekani. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, SUMIFS haizitofautishi.

Lakini luku mbili zilizohamia Mei na Desemba hazimo kwenye lile pengo. Zimejumlishwa, ila katika mwezi usio wake, na jumla kuu haina habari. Hizo hukamatwa kwa jicho: tarehe zinazorukaruka ukishuka safu A, au matumizi katika mwezi ambao haujafika. Andika `=MAX(Matumizi!A2:A1000)` kwenye kisanduku chenye mwonekano wa tarehe. Ikikuletea Desemba na wewe uko Aprili, umeshapata jibu.

Marekebisho yanaanzia kwenye mipangilio ya kompyuta, sehemu ya Region, kwa kuchagua mpangilio unaoanza na siku, mathalani English (United Kingdom). Google Sheets ina yake ndani ya File, Settings, Locale. Hilo litatunza mistari ijayo, haliponyi iliyokwisha andikwa. Tarehe zilizokuwa maandishi zichague, nenda Data, Text to Columns, na katika hatua ya tatu chagua Date: DMY. Zilizogeuzwa zinahitaji safu ya pembeni:

```
=DATE(YEAR(A3),DAY(A3),MONTH(A3))
```

Hii ni kwa faili lililoandikwa lote kwenye kompyuta moja, ambapo unajua kila tarehe ya 1 hadi 12 imegeuzwa. Kama nusu aliandika dada kwenye kompyuta nyingine yenye mpangilio sahihi, hakuna fomula itakayojua ipi ni ipi. Rudi kwenye risiti na ujumbe wa simu.

Safu ya Kiasi nayo ina mtego wake, na huu ni wetu wenyewe. Mkono uliozoea daftari huandika 110,000/= bila kufikiri. Kwa kompyuta, ile `/=` inageuza kiasi chote kuwa maandishi. SUMIFS inakiruka, na SUM nayo inakiruka, kwa hiyo kipimo cha kulinganisha jumla mbili kitasema mambo ni shwari huku dumu la mafuta halipo popote. Dawa ni kuhesabu visanduku:

```
=COUNTA(Matumizi!E2:E1000)-COUNT(Matumizi!E2:E1000)
```

COUNTA huhesabu visanduku vyote vyenye kitu, COUNT huhesabu vyenye namba tu. Jibu likiwa sifuri, kila kiasi ni namba. Likiwa 3, kuna viasi vitatu vya kutafuta. Mara nyingi utavitambua kwa kuwa maandishi huegemea kushoto na namba huegemea kulia. Fomula hiyohiyo kwa safu A inakuambia ni tarehe ngapi zimekuwa maandishi. Kwa faili la yule mwanafunzi, mistari yetu sita ingetoa 2.

Fomula yetu inaishia mstari wa 1000. Kibanda kinachoandika matumizi matano kwa siku kinaufikia mstari huo kabla ya mwezi wa saba kwisha, na mstari wa 1001 hautahesabiwa na jedwali wala na vipimo tulivyoviwekea mwisho uleule. Panua mapema mpaka 5000, na upanue safu zote nne kwa pamoja pamoja na vipimo. Ukiipanua E peke yake, fomula itakujibu `#VALUE!`, kwa sababu SUMIFS inadai safu ya kujumlishwa na safu za masharti ziwe na urefu mmoja.