Kabla hujaongelea kreatini, muulize mteja anameza nini

Mteja akinijia na kopo mkononi na kuniuliza, "Kocha, hii ninywe vijiko vingapi?", simjibu papo hapo. Si kwamba kreatini ni sumu. Kreatini monohaidreti imechunguzwa kuliko karibu kirutubisho kingine chochote cha mazoezi, na kwa mtu mzima mwenye figo salama, gramu 3 hadi 5 kwa siku hazijaonekana kumdhuru. Ila nani kasema figo zake ni salama? Figo huharibika kimyakimya, na mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake na bado akapiga skwati kama kawaida. Mimi ni mwalimu wa mazoezi, siwezi kuzipima. Kazi yangu ni kuuliza vizuri na kujua nikomee wapi.

Fomu nyingi za jimu zina swali moja: "Je, una ugonjwa wowote?" Swali hilo halikamati kitu. Mwenye presha iliyotulia kwa dawa hajioni mgonjwa, anaandika "hapana" na kwa upande wake hajadanganya. Kwa hiyo mimi naanzia kwenye vidonge: "Kuna kitu chochote unachomeza kila siku, au mara kwa mara kwa wiki?" Kisha namsaidia kukumbuka: dawa za kliniki, za maumivu, mitishamba, unga wa kopo jingine. Na kabla hajafungua mdomo namwambia, "Huna haja ya kunitajia jina la dawa wala ni ya nini. Ndiyo au hapana inanitosha."

Maneno hayo ya mwisho nayatilia mkazo. Jimu zetu zina wateja wanaotumia dawa za kufubaza VVU, na hawana sababu ya kumweleza kocha. Lakini tenofovia, iliyomo katika vidonge wanavyopewa wengi wao, inaweza kuzielemea figo, na ndiyo maana kliniki huzifuatilia. Dolutegravia inayoambatana nayo hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini, namba ambayo maabara huitumia kukisia kazi ya figo, bila kuziumiza figo. Ukimwongezea mtu huyo kreatini, ambayo nayo inaweza kupandisha namba hiyo, bila daktari wake kujua, umemvurugia daktari hesabu. Mteja akisema "ndiyo", jibu langu ni moja kwa dawa zote: tusianze mpaka anayekuandikia dawa hizo aseme sawa. Hapo siri yake imebaki kwake na usalama wake haujaguswa.

Dawa za maumivu naziulizia peke yake, kwa sababu watu hawazihesabu kuwa dawa. "Goti au mgongo ukiuma unatumia nini? Mara ngapi kwa wiki?" Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kidonge kimoja baada ya mechi si hoja. Kila siku kwa miezi ni habari nyingine.

Yaliyobaki huenda haraka. Umewahi kuambiwa una tatizo la figo, mawe, protini kwenye mkojo, au figo moja? Una kisukari, presha au selimundu? Nyumbani kuna aliyewahi kusafishwa damu kwa mashine? Mkojo wako hutoa povu lisiloisha, au uso na miguu huvimba ukiamka? Kwa mwanamke nauliza pembeni, si mbele ya watu, kama ana ujauzito au ananyonyesha, kwa kuwa ushahidi wa usalama katika hali hizo hautoshi. "Ndiyo" moja tu hapa inampeleka kwa daktari kwanza. Aliye chini ya miaka 18 simzungumzii kreatini kabisa. Naongea na mzazi kuhusu chakula na usingizi, na wakisisitiza, daktari ndiye wa kuamua.

Mfano ni kaka mmoja wa miaka arobaini na kitu, fundi, mwili mkubwa. Kwenye fomu alijaza "sina tatizo". Nilipouliza anachomeza akacheka: "Hiyo ya presha tu, kocha, na ile ya kukojoza." Za maumivu je? Goti lilikuwa likimsumbua, kwa hiyo alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa, asubuhi na jioni, karibu kila siku. Nikampima presha ameketi, mkono juu ya meza, nikasubiri dakika chache nikarudia. Mara zote mbili namba ya juu ilivuka 150. Dawa yake ya presha ilikuwa losatani. Losatani, dawa ya kukojoza na diklofenaki zikikutana ni mchanganyiko ambao madaktari huuogopa: moja inapunguza maji mwilini, mbili zinagusa jinsi figo inavyojirekebishia shinikizo la damu ndani yake, na mtu anayetoka jasho jimu anaweza kuziumiza figo ghafla. Kreatini ilikuwa suala dogo kuliko yote kwake.

Sikumwambia aache kidonge chochote, hiyo si kazi yangu. Nilimwandikia barua fupi kwa daktari wake: dawa anazotumia kama alivyozitaja, diklofenaki na mara ngapi, presha niliyoisoma na tarehe, mazoezi anayofanya, na kwamba anataka kutumia kreatini gramu 3 kwa siku. Mwisho nikaweka swali: je, ni salama, na kuna vipimo angependa kabla? Daktari hupata shida na mteja anayefika na kusema tu "kocha kanituma". Barua yenye swali hujibiwa. Alirudi amebadilishiwa dawa ya goti, amepimwa damu na mkojo, na ameambiwa asahau kopo kwa sasa. Tuliendelea na mazoezi mepesi.

Kuhusu kipimo cha damu, kuna jambo wateja hulikosea. Kreatini mwilini hugeuka taratibu kuwa kreatinini, ambayo ndiyo maabara huipima kukisia kazi ya figo. Anayetumia kreatini anaweza kutoa namba ya juu kidogo figo zikiwa nzima, akatishwa bure. Au namba iliyopanda kweli ikasingiziwa kopo. Ndiyo maana kipimo kinafaa kifanyike kabla ya kijiko cha kwanza. Na asiende maabara siku moja baada ya mazoezi mazito ya miguu, wala baada ya sahani ya nyama choma usiku, kwani vyote viwili hupandisha namba. Kama ameshaanza kutumia, amwambie daktari waziwazi. Kuna kipimo kingine, sistatini C, kisichoathiriwa na kreatini.

Dalili moja haisubiri barua. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea au ya soda nyeusi baada ya mazoezi, pamoja na misuli inayouma na kuvimba kupita kawaida, ni hospitali siku hiyohiyo, awe anatumia kreatini au hatumii. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo.

Asiye na "ndiyo" hata moja naongea naye siku hiyohiyo: gramu 3 hadi 5, kila siku, bila zile gramu 20 za wiki ya kwanza. Hizo hujaza misuli mapema tu, na baadhi huishia kuharisha. Namwambia pia kilo moja au mbili za mwanzo ni maji ndani ya misuli. Majibu yake naandika kwenye daftari pamoja na tarehe, na kila baada ya miezi mitatu namuuliza upya, nikianza na lile la vidonge.