Kreatinini ya kawaida kwa mtu aliyekonda: je, figo ni nzima?

"Mama yangu amekonda sana baada ya kuugua, lakini majibu ya maabara hapa Mbarara yanasema kreatinini yake ni ya kawaida. Je, ndiyo kusema figo zake ni nzima?"

Si lazima. Kreatinini hutokana na misuli, na figo huiondoa. Kwa hiyo kiwango chake katika damu huonyesha mambo hayo mawili kwa pamoja. Chukua pipa lililotoboka chini, huku bomba likimimina maji juu. Tundu likiziba kiasi, maji hupanda, lakini bomba nalo likipungua nguvu, maji hubaki pale pale na anayetazama kina peke yake hawezi kujua kuwa tundu limeziba. Aliyepoteza misuli ni pipa ambalo bomba lake limepungua.

Ndipo kinapokuja kipimo kingine cha figo, sistatini C. Hii ni protini ndogo inayotengenezwa na karibu seli zote za mwili kwa kasi isiyobadilika sana, iwe mtu ana misuli mingi au michache, na hata nyama aliyokula jana haiipandishi. Figo huichuja, kisha huivunjavunja humo humo.

Tuseme mama huyo ana miaka 60 na kreatinini ya miligramu 0.8 kwa desilita. Mlinganyo wa CKD-EPI wa 2021, hesabu inayokadiria kasi ya figo kuchuja damu kwa kutumia kreatinini, umri na jinsia, unampa uchujaji wa takriban mililita 84 kwa dakika, jambo la kuridhisha. Sistatini C yake ikiwa miligramu 1.5 kwa lita, mlinganyo wake unatoa 42 tu, na ule unaounganisha vipimo vyote viwili unatoa 59. Kwa aliyekonda hivyo, daktari ana sababu ya kuiamini zaidi sistatini, na dozi za dawa zinazotolewa na figo huenda zikahitaji kupunguzwa.

Kwa mwenye misuli mikubwa mambo hugeuka. Kijana wa miaka 30 anayenyanyua vyuma, mwenye kreatinini ya 1.5, huonekana ana uchujaji wa 64; sistatini C ya 0.8 humrudisha kwenye 118.

Suala hili linatuhusu hapa kwetu. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulipima uchujaji wenyewe kwa kudunga ioheksoli, kemikali inayoondolewa na figo, ukakuta kuwa milinganyo ya kreatinini iliuonyesha uwezo wa figo kuwa mkubwa kuliko ulivyo.

Hata hivyo, sistatini C nayo ina mipaka yake. Hupandishwa na dawa za steroidi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, uvutaji sigara, unene uliokithiri na uvimbe wa ndani unaoletwa na maambukizi kama VVU visivyodhibitiwa. Kwa kuwa ugonjwa uliomkondesha mama unaweza wenyewe kuwa umeipandisha, amweleze daktari dawa zote anazotumia, apimwe protini kwenye mkojo, na sistatini irudiwe baada ya maambukizi kutulia.